Moto ulikuwa sebuleni, waliofariki walikuwa chumbani

*Shikamoo daktari. Wiki mbili zilizopita baba mdogo na mkewe walifariki kwa moto. Iliungua sebule tu, na zimamoto wamesema moto ulianzia kwenye ekstensheni nyuma ya kochi. Chumbani kwao hata shuka halikuungua. Baba mdogo alikutwa kitandani, mama mdogo sakafuni karibu na mlango, ufunguo wa grili mkononi. Hakuna jirani aliyesikia kelele. Waliowaosha wanasema midomo na kucha zilikuwa nyekundu, na sasa mtaani wanasema walilishwa sumu kwanza. Mtoto wao wa miaka tisa alilala chumba cha mwisho wa korido, mlango umefungwa, akatolewa mzima. Hospitali walimpima kidoleni, oksijeni asilimia 98, wakamruhusu usiku uleule. Ni nini hasa kiliwaua?*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mungu awape subira.

Kabla sijagusa suala la marehemu, nizungumzie mtoto, kwa sababu lake lina muda. Kile kifaa cha kidoleni hupitisha mwanga kwenye damu na kutazama rangi yake. Hakina uwezo wa kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyomo katika moshi. Zote mbili kwake ni nyekundu. Kwa hiyo mtu aliyetolewa kwenye moshi anaweza kusoma 98 huku sehemu kubwa ya damu yake imekamatwa na sumu. Kipimo sahihi ni cha damu yenyewe, kwa mashine inayotenganisha aina hizo mbili, na kinafaa kufanyika mapema. Mtu akivuta hewa ya kawaida, gesi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa nne au tano hivi, na akivuta oksijeni tupu kwa barakoa hupungua kwa nusu ndani ya saa moja au moja na nusu. Baada ya wiki mbili imeshatoka yote, hivyo kumpima leo hakutaonyesha chochote.

Kinachobaki ni kumwangalia. Kaboni monoksaidi ina tabia ya kumwacha mtu apate nafuu, kisha ubongo ukaonyesha madhara siku kadhaa au hata wiki tano, sita baadaye. Tazameni kama anasahau mambo aliyoyajua, kama anayumba akitembea, kama amerudia kukojoa kitandani, kama anaongea polepole au amebadilika tabia kuliko huzuni ya kufiwa inavyoweza kueleza. Mkiona lolote kati ya hayo, mpelekeni hospitali na mseme wazi kwamba alivuta moshi wa nyumba iliyoungua, na tarehe. Daktari asiyeambiwa hilo hawezi kuotea. Kwa jinsi ulivyoeleza ule mlango uliofungwa, nina matumaini kwamba alivuta kidogo, na nitarudi kwenye mlango huo.

Sasa wazazi wake. Waliuawa na gesi mbili zilizotoka kwenye kochi, kaboni monoksaidi na sianidi ya haidrojeni, na zilifika chumbani muda mrefu kabla ya moto kuwa na nguvu ya kufika huko. Hakuna haja ya mtu kuwalisha kitu. Sumu ilikuwa ndani ya mito ya makochi.

Sponji inayojaza makochi na magodoro yetu inaitwa poliyurethani, na asili yake ni mafuta ya petroli. Ndani yake kuna kaboni nyingi, haidrojeni, oksijeni, na kiasi kidogo cha naitrojeni. Hiyo naitrojeni ndiyo inayoleta sianidi, maana sianidi ya haidrojeni ni haidrojeni, kaboni na naitrojeni zilizoungana. Godoro la sufi au la pamba nalo likiungua hutoa kaboni monoksaidi ya kutosha kuua, lakini naitrojeni yake ni ndogo mno kiasi kwamba sianidi si hofu kubwa. Nailoni, zulia la sufu ya kondoo na baadhi ya vitambaa vya kochi vina naitrojeni pia, lakini kwa wingi na kwa kasi ya kuungua, sponji ndiyo inayoongoza katika nyumba ya leo.

Kasi hiyo si ya kupuuza. Maabara ya Marekani iitwayo Underwriters Laboratories iliwahi kuunguza vyumba viwili vya ukubwa mmoja. Kimoja kilikuwa na samani za kisasa zenye sponji na plastiki, kingine samani za zamani za mbao na pamba. Chumba cha kisasa kiliwaka chote kwa mpigo baada ya dakika 3 na sekunde 40. Cha zamani kilichukua dakika 29 na sekunde 25. Bibi zetu walikuwa na muda wa kuamka, kuwakusanya watoto na kutoka. Sisi hatuna.

Lakini moto mkubwa wenye hewa ya kutosha sio ulio hatari zaidi kwa mtu aliye chumba cha pili. Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa hiyo nikupeleke taratibu.

Sponji ikiungua mahali penye hewa tele, sehemu kubwa ya kaboni yake hupata oksijeni kamili na kuwa kaboni dayoksaidi, gesi ileile tunayotoa tukipumua. Kaboni monoksaidi hutoka kidogo. Hewa ikipungua, kaboni haipati oksijeni ya kutosha, inaishia njiani, na kaboni monoksaidi inaongezeka mara kumi au zaidi kwa kila kilo ya sponji inayoungua. Sianidi nayo hupanda, maana joto linaivunja sponji lakini hewa ya kuichoma sianidi iishe haipo. Ni jambo lilelile linaloua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, isipokuwa mkaa hautoi sianidi ya kuhofiwa na kochi linaitoa.

Tufanye hesabu ya nyumba inayofanana na ya baba yako mdogo. Ni makadirio, sikuiona nyumba yenyewe, lakini yatakuonyesha ukubwa wa jambo. Tuseme sebule ni mita nne kwa nne, na dari iko mita 2.7 juu. Humo mna hewa ya mita za ujazo 43 hivi. Mto mmoja wa kukalia wa kochi, sentimita 60 kwa 60 na unene wa 12, una sponji ya takriban kilo moja. Seti ya kawaida ya watu saba ina kilo saba kwenye viti pekee, bila kuhesabu mito ya mgongoni.

Moto hauhitaji oksijeni iishe kabisa ili uanze kudhoofika. Ukishatumia kama theluthi moja ya oksijeni ya chumba, tayari unahangaika. Kwa sebule hiyo, madirisha na mlango wa nje vikiwa vimefungwa usiku, hewa hiyo inatosha kuchoma mito miwili tu hivi. Kuanzia hapo miali inapungua, mtu aliye nje anaweza hata asione mwanga mkali dirishani, lakini joto limeshajaa na mito mingine inaendelea kuyeyuka na kufuka. Moto unaoonekana mdogo ndio unaotengeneza sumu kwa wingi.

Sasa chukua mto wa tatu, ule unaoungua katika hewa pungufu. Kilo moja ya sponji katika hali hiyo hutoa kama gramu 200 za kaboni monoksaidi na gramu 10 hivi za sianidi ya haidrojeni. Moshi ukitoka sebuleni, ukapita korido, ukaingia chumba cha wazazi ambacho mlango wake uko wazi, hewa yote inayohusika ni kama mita za ujazo 100. Ukisambaa humo kwa usawa, unapata kaboni monoksaidi kama sehemu 1,700 katika kila sehemu milioni ya hewa, na sianidi kama sehemu 90. Katika hewa ya namna hiyo mtu ana kitu kama nusu saa kabla sianidi haijamwangusha.

Ongeza mto wa nne. Kaboni monoksaidi inakuwa 3,500 na sianidi 180. Mtu angetarajia muda upungue kwa nusu, uwe robo saa. Haupungui hivyo. Kwa sianidi, kiwango kikizidi mara mbili muda huporomoka hadi kati ya dakika tatu na sita. Ndiyo sababu mtu anaweza kuamka, akasikia harufu, akadhani ana muda wa kutafuta simu au nguo, kumbe hewa aliyoikuta akiamka si ile atakayokuwa nayo akifika mlangoni. Nakuomba ukumbuke kwamba yote haya ni mito miwili ya kochi, ikiwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta.

Katika mwili gesi hizi mbili hazifanyi kazi moja. Kaboni monoksaidi hukaa kwenye himoglobini, ile sehemu ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na huishikilia kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Himoglobini iliyokamatwa haibebi tena, na ile iliyobaki nayo huanza kung'ang'ania oksijeni yake badala ya kuiachia inapohitajika. Kazi hii huchukua muda kwa sababu ni ya kujaza kidogo kidogo kwa kila pumzi. Katika hewa yenye 3,500, mtu aliyelala, anayepumua taratibu, huongeza kama asilimia 1.3 ya damu yake kila dakika. Anayehangaika na kutembea huongeza karibu asilimia 4. Akifika 30 kichwa kinauma, akili inachanganyika, miguu inaisha nguvu. Kwenye 50 wengi hufa, na mzee au mwenye ugonjwa wa moyo hufa kabla ya hapo.

Sianidi yenyewe haihangaiki na damu kama mbebaji. Inaingia ndani ya seli na kukifunga kimeng'enya ambacho kingetumia oksijeni. Oksijeni inaweza kufika hadi mlangoni mwa seli na isitumike. Ubongo na moyo, viungo vinavyokula oksijeni kuliko vyote, ndivyo vinavyoanguka kwanza. Na inafanya jambo moja baya zaidi katika dakika za mwanzo. Inamfanya mtu apumue kwa kasi na kwa kina, bila yeye kutaka, na kwa kila pumzi hiyo kubwa anavuta sianidi zaidi na kaboni monoksaidi zaidi. Kisha anazimia ghafla.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa picha ya baba na mama yako wadogo. Baba mdogo hakuamka kabisa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala haiwashi. Harufu ya moshi ipo, lakini si kitu cha kukitegemea kumwamsha mtu aliye katika usingizi mzito, na mtu ambaye damu yake imeanza kujaa gesi hii usingizi wake unazidi kuwa mzito, hauwi mwepesi. Mama mdogo aliamka. Alikuwa na akili ya kutosha kuchukua ufunguo wa grili, maana yake alijua anataka kwenda wapi. Kitendo cha kusimama na kwenda mlangoni ndicho kilichomaliza akiba aliyokuwa nayo. Mtu aliyelala na asilimia 30 anaweza kuwa anapumua vizuri kitandani, lakini akisimama misuli inadai oksijeni ambayo haipo na miguu inakatika. Vilevile, moshi hukaa kwa matabaka. Ulio juu ni mzito na wa moto zaidi, hivyo aliyesimama aliingiza kichwa katika hewa mbaya kuliko ile ya usawa wa kitanda. Akaanguka kwa dakika moja au mbili, na baada ya hapo akaendelea kupumua sakafuni huku kaboni monoksaidi ikipanda hadi moyo uliposimama.

Kelele hazikusikika kwa sababu hazikupigwa. Kupiga kelele kunahitaji mtu ajue yuko hatarini, awe na pumzi, na koo lisiwe limebanwa. Moshi wa makochi una gesi nyingine zinazochoma macho na koo, pamoja na tindikali inayotoka kwenye plastiki ya nyaya za umeme na ya zile dari za plastiki. Mtu akivuta pumzi ya kuita, anakohoa, na pumzi inayofuata kikohozi ni ndefu kuliko ile aliyotaka kuipigia kelele. Sitaki kukuahidi kwamba hawakuhisi kitu. Mama mdogo alihisi hatari, ndiyo maana alisimama. Lakini muda aliokuwa nao wa kuteseka akiwa na fahamu ulikuwa mfupi sana, na baba mdogo, kwa jinsi alivyokutwa, pengine hakuwa nao kabisa.

Wekundu walioona waoshaji ni dalili ya kaboni monoksaidi. Himoglobini iliyoikamata inakuwa nyekundu ya kung'aa na haibadiliki kuwa ya zambarau baada ya kifo kama damu ya kawaida. Kwa ngozi nyeusi huonekana pale ngozi ilipo nyembamba, yaani midomo, fizi, chini ya kucha na viganja. Sianidi nayo inaweza kuacha wekundu, kwa sababu damu inarudi kutoka mwilini na oksijeni yake ambayo haikutumika. Watu waliowaosha walisema kweli walichokiona. Wa mtaani ndio waliokosea maana yake.

Kuhusu sianidi, huenda mtu akakwambia kwamba ni maneno ya vitabuni na kwamba moshi unaua kwa kaboni monoksaidi tu. Hata baadhi ya wataalamu walidhani hivyo kwa miaka mingi, na sababu yake ni ya maabara. Kaboni monoksaidi hukaa kwenye damu ya marehemu siku nyingi bila kubadilika, kwa hiyo kila anayeitafuta anaikuta. Sianidi huharibika haraka katika damu, ndani ya mwili na hata ndani ya chupa isiyotunzwa vizuri. Usipoitafuta mapema huikuti, na usipoikuta unaandika kwamba haikuwepo.

Waliolimaliza suala hilo ni madaktari wa Paris wanaotoka na magari ya zimamoto. Hawakungoja chumba cha maiti, walichukua damu palepale kwenye eneo la moto. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1991, yakihusu watu 109 waliotolewa katika nyumba zilizoungua, ambao 43 kati yao walifariki. Wastani wa sianidi katika damu ya waliofariki ulikuwa zaidi ya mara tano ya ule wa walionusurika, na zaidi ya mara ishirini ya watu wa kulinganishia ambao hawakuwa kwenye moto. Walionyesha pia kwamba kiwango cha laktiki katika damu, tindikali inayojaa seli zikishindwa kutumia oksijeni na ambayo hospitali nyingi zinaweza kuipima, hupanda pamoja na sianidi. Mgonjwa wa moshi asiye na majeraha makubwa ya moto, ambaye laktiki yake imefika milimoli 10 kwa lita, achukuliwe kuwa ana sianidi mpaka ithibitike vinginevyo.

Dunia ilipata funzo chungu zaidi tarehe 27 Januari 2013 katika mji wa Santa Maria, Brazili. Fataki ndani ya klabu ya Kiss iliwasha sponji iliyobandikwa darini ili kuzuia sauti isitoke nje. Watu 242 walikufa, wengi wao kwa kuvuta moshi, na dawa ya kutibu sianidi ililazimika kuletwa kwa ndege kutoka Marekani. Ilikuwa sponji ya jamii hiihii ya makochi.

Dawa hiyo ni haidroksokobalamini, aina ya vitamini B12. Huikamata sianidi na kutoka nayo kwenye mkojo, ambao hugeuka mwekundu kwa siku kadhaa. Dozi ya mtu mzima ni gramu 5 kwa mshipa, kwa dakika 15. Nataja dozi kwa sababu nimeshaulizwa kama sindano za B12 za duka la dawa zinaweza kusaidia. Ampuli ya kawaida ina miligramu moja. Zingehitajika 5,000. Kwa hiyo huku kwetu, mahali ambapo dawa yenyewe haipo, tiba inabaki kuwa oksijeni tupu kwa barakoa inayobana vizuri, mapema iwezekanavyo, na kumsaidia kupumua asiyepumua. Oksijeni ianze hata kama kidole kinasoma 98. Hilo liambie kila muuguzi unayemfahamu.

Nirudi kwenye mlango. Watafiti wa maabara ileile niliyoitaja waliunguza nyumba zenye vyumba vya kulala viwili, kimoja mlango wazi na kingine umefungwa. Katika chumba cha mlango wazi kaboni monoksaidi ilifika karibu sehemu 10,000 katika milioni, na joto zaidi ya nyuzi 500. Katika kile kilichofungwa, kaboni monoksaidi ilikuwa karibu 1,000 na joto chini ya nyuzi 40 hivi. Hewa ya 10,000 inaua kwa dakika chache. Ya 1,000 inaumwisha kichwa na kumlegeza mtu, lakini inampa muda wa kufikiwa. Binamu yako aliishi ndani ya tofauti hiyo. Mlango wa kawaida wa mbao, bila ufundi wowote maalumu, ndio uliomtenganisha na wazazi wake.

Mlango nao una mipaka yake, na lazima niiseme. Katika nyumba nyingi zetu kuta za ndani huishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja kutoka chumba hadi chumba. Dari ya sebule ikitoboka, moshi hupita juu ya mlango uliofungwa na kushuka kwenye kila chumba kupitia tundu la taa. Dari ya plastiki huyeyuka mapema, ya jipsamu huvumilia zaidi. Mlango unakununulia dakika, na dakika hizo zina maana tu kama kuna kitu cha kukuamsha na njia ya kutoka isiyopita motoni. Mama mdogo alikuwa na ufunguo mkononi, lakini nadhani mlango wenyewe ulikuwa upande wa pili wa sebule inayoungua. Kama wewe nawe una grili kwenye kila dirisha, fundi afanye la chumba cha kulala liwe la kufunguka, na ufunguo wake utundikwe pembeni ya dirisha hilohilo, mtu aufikie gizani akiwa amepiga magoti, mahali ambapo mkono wa mwizi hauwezi kufika kutoka nje.

King'ora cha moshi, kile cha betri kinachofungwa darini, kiwekwe koridoni kati ya sebule na vyumba. Ununuapo, angalia kwamba ni cha moshi. Vipo vinavyouzwa kwa ajili ya kaboni monoksaidi peke yake, vizuri kwa nyumba inayotumia mkaa au jenereta, lakini vingi vimetengenezwa vingoje gesi ijikusanye kabla ya kulia, na kwa moto wa kochi kungoja huko ni kurefu mno. Ekstensheni isikae nyuma wala chini ya kochi, na simu isichajiwe juu ya mto. Kitambaa chenye maji puani hupunguza masizi, lakini kaboni monoksaidi inapita kana kwamba hakipo, kwa hiyo asikitumie mtu kama ruhusa ya kurudi ndani. Kutambaa chini kunasaidia dakika za mwanzo, wakati hewa safi bado iko sakafuni. Moshi ukishapoa koridoni unashuka hadi chini, na hapo kutambaa hakuokoi tena.

Kuhusu maneno ya mtaani, kuna jambo mnaloweza kulifanya. Kama miili ilifanyiwa uchunguzi kabla ya mazishi na damu ikachukuliwa, ulizeni kupitia polisi wanaoshughulikia jalada kama sampuli ilipelekwa kwenye Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ombeni kuelezwa namba moja, asilimia ya himoglobini iliyokamatwa na kaboni monoksaidi. Asiyevuta sigara huwa chini ya 3, mvutaji anaweza kufika 10. Ikiwa 40, 50 au zaidi, maana yake walivuta moshi huo wakiwa hai kwa dakika nyingi, kwa sababu maiti haipumui na damu yake haiwezi kujaa. Ikiwa ya mama mdogo ni ya chini kidogo, tuseme 30, msishtuke. Kwenye moto wa sponji namba ya namna hiyo mara nyingi inamaanisha sianidi ilichangia sehemu iliyobaki. Ulizeni pia kama daktari aliona masizi ndani ya koo na njia ya hewa, chini ya zile kamba za sauti. Masizi yanafika huko kwa kuvutwa na pumzi. Mtu aliyekufa kabla ya moto huwa nayo usoni na puani tu, na kooni mwake huwa safi.